Matende, Usubi na Watu Wasiomeza Kidonge

Swali linaloulizwa zaidi kila msimu wa kingatiba ni hili: "Mimi sina matende, sina busha, siwashwi mwili. Nimeze dawa ya nini?" Ni swali la haki, na anayeliuliza hastahili kukemewa. Mgawa dawa amefika mlangoni na fimbo yake yenye alama, anamsimamisha mtu mzima na kumpima urefu, anahesabu vidonge vidogo vya ivamektini, anaongeza kidonge kimoja kikubwa cha albendazoli, kisha anasubiri vimezwe mbele ya macho yake. Mwaka unaofuata anarudi tena. Mtu mwenye afya ana haki ya kuelezwa sababu, na sababu hiyo iko katika maisha ya mnyoo.

Mnyoo wa matende aliyekomaa ni mwembamba kama uzi. Jike hufikia sentimita nane hadi kumi, dume nusu ya hapo. Hukaa ndani ya mirija ya limfu, ile inayokusanya majimaji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu, hasa mirija ya miguu, ya kinena na ya korodani. Humo jike huzaa minyoo wachanga wasioonekana kwa macho, nao huingia kwenye mzunguko wa damu. Huku kwetu Afrika Mashariki wachanga hao hujificha mchana katika mishipa ya ndani ya mapafu, na usiku, hasa kuanzia saa nne hadi saa nane, hutoka kwa wingi kwenye damu iliyo karibu na ngozi. Huo ndio muda ambao mbu wanaowabeba huuma. Ndiyo maana wapimaji wa zamani waligonga milango ya watu usiku wa manane wakitafuta tone la damu, na aliyepimwa saa tano asubuhi aliweza kuambiwa hana kitu wakati anacho.

Ndani ya mbu, mnyoo mchanga haongezeki idadi. Hubadilika umbo kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne, kisha hungoja mbu aume tena. Hata hapo hachomwi moja kwa moja ndani ya damu kama vimelea vya malaria. Hudondokea juu ya ngozi na lazima ajipenyeze mwenyewe kupitia tundu la mbu. Wengi hufia hapo. Kwa hiyo mgeni wa wiki mbili pwani hana sababu kubwa ya kuhofia matende, ilhali aliyezaliwa kijijini na kuumwa maelfu ya mara tangu utotoni huweza kubeba minyoo miaka mingi pasipo dalili yoyote. Sehemu kubwa ya walioambukizwa wako hivyo. Wanalima, wanavua, wanacheza mpira, na damu yao ya usiku imejaa minyoo wachanga.

Kwa upande mwingine, mtu ambaye mguu wake tayari umevimba na ngozi yake imekuwa ngumu mara nyingi hana tena mnyoo mchanga hata mmoja kwenye damu. Mirija yake imeshaharibika, minyoo wenyewe wameshakufa. Mbu akimuuma hapati cha kubeba. Hili ndilo jibu la yule anayeuliza akiwa mlangoni. Anayeonekana mgonjwa aghalabu haambukizi mtu, na anayeambukiza aghalabu haonekani mgonjwa. Kingatiba inamtafuta huyu wa pili, na kwa kuwa hakuna anayeweza kumtambua kwa kumtazama, wanameza wote.

Sasa tuangalie kidonge chenyewe kinafanya nini, maana hapa ndipo watu wengi hudanganywa kwa kuahidiwa kupita kiasi. Ivamektini na albendazoli kwa pamoja husafisha minyoo wachanga kwenye damu na kuwafanya majike yasizae vizuri kwa miezi mingi. Hazimuui mnyoo mkubwa kwa uhakika. Yeye huendelea kuishi kwenye mrija wake, na uwezo wake wa kuzaa hudumu kama miaka minne hadi sita. Mantiki ya kampeni basi ni kuiweka damu ya kijiji kizima katika hali ya usafi mwaka baada ya mwaka, mpaka wazee hao wa ndani wafe kwa uzee wao bila kuacha mrithi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka angalau mizunguko mitano, na katika kila mzunguko angalau watu 65 katika kila 100 wa eneo lote wameze, wakiwemo kwenye hesabu hiyo hata wale wasioruhusiwa kumeza.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo asilimia 65, kwa sababu inaficha jambo. Chukua kijiji cha mfano chenye watu 1,000. Watoto walio chini ya miaka mitano ni 150, hao hawapewi. Wajawazito, waliojifungua ndani ya wiki moja iliyopita na wagonjwa mahututi ni 30, nao hawapewi. Wanabaki 820 wanaostahili. Mgawa dawa anafanya kazi nzuri na 700 wanameza. Taarifa inayokwenda wilayani inasema asilimia 70 ya kijiji kizima. Lengo limefikiwa na kila mtu anapongezwa.

Watu 120 waliostahili hawakumeza. Swali ambalo taarifa ile hailijibu ni kama mwakani watakuwa wale wale. Tuseme kila mwaka ni wengine kabisa, mmoja alikuwa safarini, mwingine msibani, mwingine alichelewa shambani. Hapo uwezekano wa mtu mmoja kukosa mizunguko yote mitano ni mdogo kiasi kwamba katika kijiji hicho humpati hata mmoja. Tuseme sasa ni wale wale kila mwaka: vijana wanaoamini kidonge kinamaliza nguvu za kiume, wavuvi wanaolala dago msimu wote wa kampeni, familia moja iliyogombana na mwenyekiti wa kitongoji. Hapo baada ya miaka mitano kijiji bado kina watu 120 ambao damu yao haijaguswa. Kama maambukizi yalikuwa asilimia 15 mwanzoni, 18 kati yao wanaendelea kuwalisha mbu. Vijiji hivi viwili vina taarifa zinazofanana neno kwa neno, asilimia 70 kwa miaka mitano. Kimoja kimemaliza matende. Kingine kimeyapumzisha tu.

Zanzibar ni mahali pa kujifunzia hili, na nadhani hapajasomwa inavyostahili. Mwaka 1988, Makunduchi, kusini mwa Unguja, karibu nusu ya watu walikuwa na minyoo wachanga kwenye damu. Mbu mkuu pale ni Kuleksi, yule wa maji machafu, ambaye viluwiluwi wake huishi kwenye mashimo ya vyoo yaliyojaa maji na kwenye makaro. Watafiti wa London, wakiwemo Chris Curtis na Caroline Maxwell, walishirikiana na wenzao wa Zanzibar kufanya mambo mawili kwa mpigo. Watu walipewa dawa ya zamani ya minyoo hii, DEC, na wakati huohuo punje nyepesi za polistirini, zile nyeupe za plastiki zinazowekwa kwenye maboksi kuzuia vyombo visivunjike, zilimwagwa kwenye mashimo ya vyoo yenye maji. Punje huelea na kutengeneza tabaka. Kiluwiluwi anayepanda juu kuvuta hewa anaikosa, anakufa. Mbu mama naye hawezi kutaga. Maji yakipanda punje zinapanda, yakishuka zinashuka, na zinaweza kubaki hapo kwa miaka bila kuongezwa.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Kuumwa na mbu kulipungua kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, na waliokuwa na minyoo kwenye damu walishuka mpaka kama mmoja kati ya kumi, kisha wakaendelea kushuka katika miaka iliyofuata. Kijiji kingine cha Unguja kilichopewa dawa peke yake, pasipo punje, nacho kilishuka mwanzoni. Miaka michache baadaye maambukizi yalianza kupanda tena.

Kisha ikaja kampeni kubwa. Kuanzia mwaka 2001 visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, vilimeza ivamektini na albendazoli kila mwaka, masheha wakihamasisha nyumba kwa nyumba. Kizimkazi, ambako kabla ya dawa takribani mtu mmoja kati ya sita alikuwa na minyoo kwenye damu ya usiku, minyoo ilikaribia kutoweka. Mwaka 2006 ugawaji ulisimamishwa, na haukuwa uamuzi wa kizembe. Mizunguko ilitimia, idadi ya wamezaji ilikuwa juu ya kiwango, na vipimo vya vijiji vya kufuatiliwa vilikuwa vizuri. Mwaka 2012 uchunguzi mpya uligundua kwamba maambukizi yalikuwa yakiendelea polepole, na dawa ikalazimika kurudi.

Sababu moja ni mbu mwenyewe. Anofelesi, mbu wa malaria, ambaye ndiye mbebaji mkuu wa matende katika vijiji vingi vya pwani ya bara, ana vijino kooni vinavyowararua minyoo wachanga wanapopita. Akimeza wengi, baadhi wanapona. Akimeza wawili au watatu, uwezekano ni kwamba hakuna atakayefika. Kwa hiyo panapotawala Anofelesi, maambukizi yakishushwa vya kutosha hujifia yenyewe, na chandarua chenye dawa kinachotundikwa kwa ajili ya malaria kinasukuma upande huohuo. Kuleksi hana vijino vya namna hiyo. Yeye anaweza kubeba hata wachache waliobaki katika damu ya mtu mmoja aliyekwepa kidonge, akawakuza na kuwafikisha. Kiwango cha maambukizi ambacho Handeni vijijini kingeweza kuwa mwisho wa ugonjwa, kwenye mtaa wenye vyoo vya mashimo na makaro yaliyo wazi bado ni mbegu.

Sababu ya pili ni namna ya kupima. Mwaka 2006 utaratibu wa kimataifa wa kuamua kama dawa isimamishwe haukuwa makini kama wa sasa. Siku hizi, tangu mwongozo wa 2011, wanaopimwa ni watoto wa miaka sita na saba, kwa tone la damu ya mchana na kipimo kinachonasa chembechembe za mnyoo mkubwa mwenyewe. Watoto hao wamezaliwa kampeni ikiwa imeshaanza. Wakikutwa na mnyoo, mnyoo huyo ni wa juzi, na hakuna takwimu ya vidonge vilivyogawiwa inayoweza kubishana naye. Upimaji hurudiwa mara mbili zaidi katika miaka ya kufuata baada ya dawa kusimama. Naona huu ndio ulinzi halisi, na wilaya inayolalamika kwamba vipimo vya marudio ni gharama ikumbuke kilichotokea visiwani.

Kabla sijahamia kwenye usubi, nina neno kwa wale ambao ugonjwa umeshawafikia, kwa sababu kampeni za vidonge huwapita mlangoni bila kuwaachia kitu. Mwenye mguu wa matende hasumbuliwi zaidi na mnyoo. Husumbuliwa na bakteria wa kawaida wanaoingia kupitia nyufa katikati ya vidole na mikunjo ya ngozi. Ndio wanaoleta ile homa ya ghafla, mguu kuwaka moto na mitoki ya kinena inayomlaza mtu siku kadhaa, na kila shambulio huacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Dawa yake kubwa ni usafi wa kila siku. Mguu unaoshwa kwa sabuni ya kawaida na maji safi ya vuguvugu au ya baridi, kuanzia juu kushuka chini, kila mkunjo na kila nafasi ya kidole, bila kusugua kwa nguvu. Kisha unakaushwa kabisa kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, na penye ukungu au mchubuko panapakwa dawa. Usiku mguu unawekwa juu ya mto au godoro linainuliwa upande wa miguuni, na mchana kifundo kinachezeshwa ili majimaji yatembee. Viatu viwe vipana, visibane. Anayefanya hivi kwa mwaka mmoja huona mashambulio yakipungua sana, na wengine huacha kabisa kuyapata. Wakati wa shambulio lenyewe hapana mazoezi: ni kupumzika, kuupoza mguu kwa kitambaa cha maji baridi, na kwenda zahanati kupata antibiotiki.

Busha ni jambo jingine, na ni jambo lenye habari njema. Maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani hayaondoki kwa kidonge, wala kwa kufyonzwa na sindano, maana hujaa tena. Huondolewa kwa upasuaji ambao daktari wa hospitali ya wilaya aliyefunzwa anaumudu, na mgonjwa hurudi kwenye kazi zake. Nimewaona wanaume waliokaa na busha miaka ishirini kwa kuona aibu, wakiacha msikiti, wakiacha harusi, wakiacha hata kuoa. Wilaya inayojua kutangaza kidonge kwa gari la matangazo inaweza pia kutangaza siku za upasuaji wa mabusha, na haina udhuru wa kutofanya hivyo.

Usubi una mnyoo wa ukoo uleule na kidonge kilekile, lakini hesabu yake ni nzito zaidi. Mbebaji ni nzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, anayeuma mchana na kuacha tone la damu. Hatagi kwenye maji yaliyotuama. Anataka mto unaokwenda kasi, penye mawe na maporomoko, kwa sababu mabuu wake hujishikiza kwenye miamba na majani yaliyolala majini na kuchuja chakula kutoka kwenye maji yanayopita, yenye hewa nyingi. Kwa hiyo ramani ya usubi Tanzania inafuata milima na mito yake: Usambara, Uluguru, Mahenge, Tukuyu na sehemu za Ruvuma. Katika misitu ya Usambara kuna aina ya nzi ambaye mabuu wake hupanda mgongoni mwa kaa wa mtoni na kuishi hapo. Jamaa yake wa magharibi mwa Kenya alikuwa na tabia hiyohiyo. Kazi ya J. P. McMahon na wenzake, waliotia DDT kwenye mito ya Nyanza katika miaka ya 1940 na 1950, ilimfuta kabisa nzi huyo, na usubi wa Kenya ukaisha kabla kidonge hakijavumbuliwa.

Minyoo wakubwa wa usubi hujiviringisha ndani ya vinundu vigumu chini ya ngozi, mara nyingi kwenye nyonga, mkia wa mgongo au mbavu. Kinundu hakiumi, na mtu anaweza kuishi nacho asijue ni kitu gani. Jike hufikia sentimita 30 hadi 50 na huzaa kwa takribani miaka kumi, pengine zaidi. Wachanga wake hawakai kwenye damu. Hutembea ndani ya ngozi na kuingia machoni. Wakiwa hai mwili huwavumilia kiasi, wakifa ndipo mwili unapowaka. Hapo hutokea kuwashwa kusikoacha mtu alale, upele, ngozi inayokunjamana ikazeeka kabla ya wakati, na baadaye madoa meupe kwenye miundi ya miguu ambayo huitwa ngozi ya chui. Jichoni, kila mnyoo mchanga anayefia kwenye kioo cha mbele huacha kovu dogo. Baada ya miaka makovu huungana, na mshipa wa nyuma wa jicho nao hunyauka. Upofu huo haurudi nyuma.

Ivamektini huwaondoa karibu wote hawa wa ngozini ndani ya wiki chache. Satoshi Omura alimpata bakteria anayezalisha dawa hii kwenye udongo wa Japani, William Campbell akaionyesha nguvu yake dhidi ya minyoo, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Tangu 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa ajili ya usubi. Kipimo chake hutegemea urefu, kwa kuwa mizani haipatikani kila kijiji na urefu unakaribiana vya kutosha na uzito. Mwenye sentimita 90 hadi 119 hupata kidonge kimoja, wa 120 hadi 140 viwili, wa 141 hadi 158 vitatu, na wa 159 kwenda juu vinne. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Mtu mwenye minyoo mingi anaweza kuwashwa, kuvimba uso au kupata homa katika siku mbili tatu za mwanzo. Asiambiwe kwamba dawa haina athari, maana akishaipata athari hiyo hatamwamini tena mgawa dawa. Aambiwe mapema kwamba huo ni mwili ukipambana na minyoo wanaokufa, kwamba hali hiyo itapita, na wapi pa kwenda ikizidi.

Tatizo liko kwenye miezi inayofuata. Jike halijafa. Baada ya miezi mitatu au minne huanza tena kuachia wachanga, na ifikapo mwezi wa kumi na mbili ngozi ina wachanga wa kutosha kumlisha nzi. Anayemeza mara moja kwa mwaka ana miezi kadhaa ambayo anaambukiza. Panapokuwa na nzi wachache, miezi hiyo haidhuru sana. Kando ya mto ambako mkulima huumwa mara mamia kwa siku, inatosha kuuweka ugonjwa hai kwa kizazi kingine. Ongeza kwamba jike huzaa kwa mwongo mzima, na kwamba lengo la usubi ni watu 80 katika kila 100 wanaostahili, mwaka hadi mwaka, kwa miaka kumi na mitano na zaidi.

Mahenge, wilayani Ulanga, imeonyesha hili kwa uchungu. Dawa ilianza kugawiwa huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 2017, watafiti walipima watoto wa miaka sita hadi kumi, waliozaliwa dawa ikiwa inagawiwa tayari, na katika vijiji vya pembezoni wengi walikuwa na kingamwili dhidi ya mnyoo wa usubi. Walikuwa wameumwa na nzi wenye minyoo katika uhai wao mfupi. Katika vijiji hivyohivyo kifafa kilikuwa kingi kupita kiasi, kikiwagusa kama watu watatu na nusu katika kila 100. Hilo halikuwa jipya kwa Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza mapema juu ya watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, hasa wakiwekewa chakula. Leo uhusiano kati ya usubi mkali na kifafa cha utotoni umeonekana Uganda, Sudan Kusini, Kongo na Kameruni pia, ingawa njia ambayo mnyoo anauathiri ubongo bado inabishaniwa. Kwa mzazi wa Ulanga, jambo hili linabadilisha maana ya kidonge. Upofu ni ugonjwa anaoutarajia mbali, uzeeni. Kifafa kinampata mtoto wake wa darasa la pili.

Baada ya matokeo hayo, Mahenge iliongezewa mzunguko wa pili ndani ya mwaka. Naunga mkono uamuzi huo kwa nguvu zote, na naamini ulichelewa. Uganda ilikuwa imeshaonyesha kwamba kumeza mara mbili kwa mwaka, pamoja na kuwashambulia nzi mtoni, kunavunja mnyororo mahali ambako kidonge cha mwaka kilikwama. Kuna hata njia isiyohitaji kemikali. Wanakijiji wenyewe huingia mtoni na mapanga, hufyeka majani na matawi yaliyolala kwenye maji ya kasi karibu na kijiji, na mabuu hukosa pa kushika. Kaskazini mwa Uganda nzi wanaouma walipungua ghafla baada ya kazi ya siku chache. Kazi hiyo lazima irudiwe kila msimu majani yanapoota, na haifai pale ambapo mabuu wameshika kwenye miamba mikubwa. Lakini vijana waliochoshwa na vidonge mara nyingi huwa tayari kwa panga na mto.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusitumie dawa kali zaidi tukamaliza haraka. Kwa matende ipo. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa tatu kwa pamoja, ivamektini, albendazoli na DEC, ambazo huisafisha damu kwa muda mrefu zaidi, na Kenya ilianza nazo pwani mwaka 2018. Lakini DEC ikimezwa na mwenye usubi, minyoo wachanga hufa kwa wingi mno kwa mpigo mmoja, na kama wako jichoni wanaweza kumpofusha. Ndiyo maana pwani ya Kenya inaweza kupewa dawa tatu na wilaya ya milimani yenye usubi haiwezi. Kwa usubi kuna doksisaiklini, antibiotiki inayoua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo na bila hao jike huwa tasa. Inamezwa kila siku kwa wiki nne hadi sita, na mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Inamfaa mgonjwa mmoja mmoja aliye chini ya uangalizi. Kijiji kizima hakiwezi kuimeza hivyo.

Kwa hiyo tunabaki na kidonge tulicho nacho, na kidonge hicho kinatosha. Togo ilithibitishwa kumaliza matende mwaka 2017, Malawi ikafuata 2020, na Januari 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa kuwa imekata maambukizi ya usubi.

Ombi langu ni kwa waganga wakuu wa wilaya na kwa waratibu wa magonjwa haya. Daftari la mgawa dawa lina safu ya jina, urefu, vidonge na tarehe. Liongezewe safu moja ya kuandika miaka ambayo mtu huyu hajameza, na kila baada ya kampeni orodha ya waliokosa mara mbili mfululizo ipelekwe kwa mtu wanayemwamini, awe imamu, nahodha wa dago, mwalimu au mama mkwe, awafuate mmoja mmoja kwa heshima na kusikiliza sababu zao kabla ya kuwapa maji ya kumezea. Na wewe unayesoma, kama mgawa dawa alikukuta na hukumeza mwaka jana na mwaka juzi, uko kwenye orodha hiyo. Akija mwaka huu, muulize maswali yako yote, kisha umeze mbele yake.